Kazi Niliyoiwekea Mbalamwezi

Mwalimu wetu wa Kemia alikuwa na kalamu nyekundu ambayo wino wake haukwisha kamwe. Kila Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa tuliouazima pale Nyakato, Musoma, aliingia na mzigo wa daftari kifuani, akatuita mmoja mmoja kwa jina, nasi watu wazima, wengine wenye watoto shule ya msingi, tukainuka na mioyo ikitupiga. Sote tulikuwa tunarudia mtihani wa kidato cha nne. Yeye alikuwa kijana, nadhani nilimzidi miaka kumi, lakini akikurudishia daftari lako limechanjwachanjwa kwa wekundu unajiona mtoto tena.

Mimi nilikuwa narudia somo moja tu, hiyo hiyo Kemia. Chuo cha uuguzi kilinikataa kwa sababu yake. Masomo mengine niliyokuwa nayo yalitosha, ila Kemia nilipata F, na kwa F hiyo nikaishia kuanika dagaa Mwigobero, kwenye mwalo mitumbwi inaposhusha samaki, jua la utosini, nikijiambia kila mwaka kwamba mwakani nitarudia. Nilitaka kuwa nesi. Silisemi kwa aibu wala kwa maringo, nililitaka tangu nikiwa msichana na hamu haikunitoka hata nilipoolewa na kuzaa.

Mwaka huo ilikuwa lazima nifaulu. Mume wangu alikuwa na mtumbwi wa dagaa kwa ubia na kaka yake, na walishakubaliana kwamba mwaka ukiisha watahamishia kambi kijiji kimoja cha kwenye rasi, ambako dagaa walikuwa bado wanapatikana kwa wingi. Huko hakuna tuisheni, na mtandao wenyewe unaupata ukipanda mwamba. Aliniambia waziwazi, bila ukali: "Mama watoto, mwaka huu soma. Mwakani tunahama, na mambo ya shule tuwaachie watoto."

Basi nilisoma. Nilisoma kwa namna niliyofundishwa tangu darasa la pili, namna ambayo kila aliyepita shule zetu anaijua. Ukirudishiwa kazi yenye makosa, unapiga mstari kwa rula, unaandika neno "Masahihisho" katikati, unalipigia mstari chini, halafu unanakili majibu sahihi kutoka ubaoni au kwa mwenzako aliyepata. Mwalimu anapita, anaweka tiki, mambo yamekwisha. Kwa masahihisho mimi nilikuwa bingwa. Mwandiko wangu ni mzuri, hata wanaonichukia wanakubali. Kila Jumapili baada ya misa nilikaa mlangoni nikayaandika, nikalifunga daftari nikiwa na amani kabisa, kama mtu aliyekwisha kuungama.

Jumamosi ikifika, wekundu ule ule.

Siku moja nilifungua daftari nikakuta kwenye hesabu ya zinki na asidi ameandika: "Linganisha kwanza. Umerudia kosa lile lile." Nikageuza ukurasa mmoja nyuma. Masahihisho ya hesabu kama hiyo hiyo yalikuwa pale, yamenyooka, na tiki yake kubwa juu. Mkono uliotia tiki ndio uliotia mkasi wa kosa. Chini kabisa ya kazi yote aliandika neno moja: "Jitahidi."

Moto ukanipanda. Kwetu huku mwanafunzi hamuulizi mwalimu kuhusu alichoandika kwenye daftari. Ukiuliza, unabishana naye. Mimi nikasimama.

"Mwalimu, samahani. Hapa umeniandikia nijitahidi. Nijitahidi wapi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka.

"Mama, unataka nikufanyie na mtihani?"

"Sitaki. Nataka kujua hiyo jitahidi naifanyaga siku gani. Jumatatu? Jumanne? Nimekaa na hilo neno tangu darasa la kwanza, sijawahi kuliona mikono wala miguu."

Wenzangu waliacha kucheka. Mmoja alinivuta kanga nikae. Nilikaa nimenuna, na kipindi chote kilichobaki sikuandika hata herufi moja.

Alipomaliza kufundisha aliwaacha wengine watoke, akavuta kiti akakaa mbele yangu. Nilifikiri ananifukuza. Akalifunga daftari langu, akanipa kipande cha karatasi tupu, akasema nifanye hesabu ile ya kwenye masahihisho, ile yenye tiki. Nilianza vizuri. Nikaandika zinki, nikaandika asidi hidrokloriki, nikaandika kinachotoka. Halafu nikakwama. Nilikuwa naona mwandiko wangu kichwani, jinsi ulivyopendeza, lakini nini kilifuata sikujua.

"Umenakili," alisema.

"Na wewe ukatia tiki."

Aliinamisha macho kwenye daftari langu lililofungwa. "Nina daftari nyingi, mama. Nikiona masahihisho yameandikwa, natia."

Sikumwonea huruma wakati ule, ingawa sasa namwonea. Alichukua kalamu yake mwenyewe, akalifungua daftari, akalikata lile neno "Jitahidi" kwa mstari mmoja. "Hili halina kazi ndani yake," akasema. "Tuanze na yenye kazi."

Tulikaa mpaka mlinzi wa kanisa akaja kugongagonga funguo. Maoni yaliyobaki yalikuwa matatu, na kwa kila moja aliniuliza swali lile lile: utafanya nini kwa mkono, na utajuaje kwamba umemaliza? "Linganisha kwanza" ikawa kazi ya namna hii: niandike milinganyo mitano ya zoezi la mwisho wa sura, niilinganishe tu, nisiguse hesabu, kisha nihesabu atomu za kila upande mpaka zilingane. Siku mbili baadaye nifanye ile ile hesabu ya zinki kuanzia mwanzo, kitabu kimefungwa. Kabla ya Jumamosi nifanye nyingine ya aina hiyo ambayo sijawahi kuiona. Kosa langu, kumbe, lilikuwa dogo na la kijinga: zinki moja inataka asidi mbili, mimi nilizipeleka zinki moja kwa asidi moja kila mara kwa sababu sikulinganisha kabla ya kupiga hesabu. "Uniti ziko wapi?" ikawa kupitia kazi zangu za nyuma kwa penseli na kuzungushia kila namba iliyosimama uchi.

La tatu lilikuwa kwenye swali la maelezo. Swali liliuliza kwa nini mawe ya chokaa yaliyosagwa yanamenyuka na asidi haraka kuliko pande zima. Mimi niliandika kwamba ni kwa sababu yamesagwa. Yeye aliandika: "Umerudia swali. Eleza kwa nini." Kazi yake ikawa niandike sentensi tatu: kinachobadilika jiwe likisagwa, mahali asidi na jiwe zinapokutana, na kinachofuata kwa mwendo wa mmenyuko. Masharti: nisitumie neno "sagwa" kama sababu.

"Sasa ziweke kwenye wiki," alisema. "Kila moja siku yake, na saa yake. Zote kabla ya Jumamosi ijayo."

Hapo ndipo tulipoachana njia, ingawa siku ile hatukujua.

Yeye alitoka mkoa wa milimani. Wiki yake ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa. Yangu ilikuwa ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wakati wa giza mitumbwi inarudi alfajiri, na sisi wanawake tunapokea, tunatandika, tunageuza, tunafukuza kunguru, tunaangalia wingu la upande wa ziwa, jioni tunakusanya. Mwezi ukikua, taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, na mwalo unakuwa kimya. Kwa hiyo nilijipangia kwa akili zangu zote. Kazi ndogondogo, kulinganisha na kuzungushia uniti, niliziweka kwenye siku za giza, katikati ya kutandika na kugeuza. Kazi ngumu ya maelezo, inayotaka kichwa kitulie, nikaiwekea mbalamwezi.

Ndogondogo zilinikubali. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi gotini, nikalinganisha milinganyo huku dagaa wananyauka mbele yangu. Nikizikosea nafuta, nahesabu upya. Ile ya zinki niliifanya kitabu kikiwa nyumbani, na nilipoimaliza nilisimama peke yangu nikapiga makofi mpaka jirani akaniuliza nimeona nini. Jumamosi tatu au nne baadaye, "Linganisha kwanza" ilikuwa imetoweka kwenye daftari langu. Sikuandika tena masahihisho ya rula. Nilikuwa na furaha kama ya mtu aliyepona jino.

Lakini "Eleza kwa nini" iliendelea kuja. Maswali yalibadilika, maoni hayakubadilika. Kila wiki niliiandika kazi yake kwenye karatasi, na kila wiki niliisogeza mbele.

Mwalimu aliona. "Mama, hii ya maelezo umeiweka lini?"

"Mbalamwezi."

"Mbalamwezi ni siku gani?"

Nilimweleza. Akatikisa kichwa. "Maoni yangu uyafanyie kazi ndani ya wiki inayofuata. Yakipita hapo utakuwa umesahau hata ulifikiri nini ulipokosea."

"Mwalimu, wewe hujawahi kuanika dagaa."

Akageuka kufuta ubao. Nilijiona nimeshinda.

Mbalamwezi ya kwanza ilipoingia nilifagia, nikachota maji mapema, nikakaa mezani na karatasi. Hapo mume wangu akaamka. Halafu akaja kaka yake. Halafu wavuvi wao, wakiwa na nyavu za kushona, wakaketi uani kwangu, na mtu akiketi uani kwako utamlisha. Kumbe mwezi ulionipa mimi nafasi uliwapa na wao. Harusi, kikao cha ukoo, kipaimara, kuhesabiana na kugombana, kila kitu watu wa mwaloni huku wanakiweka mbalamwezi, maana ndipo kila mtu yupo. Nimekulia kwenye maisha hayo, nimealikwa harusi za mbalamwezi tangu nikiwa na meno ya utoto, na bado niliamini kwamba siku hizo zitaachwa tupu kwa ajili yangu. Nilijikasirikia, nikawakasirikia na wao, nikawapikia ugali mgumu kama tofali.

Nikajiambia, ijayo.

Mbalamwezi iliyofuata tuliitwa Butiama. Mdogo wake mama mkwe wangu alifariki. Sisi wakamwana tunajua pa kwenda: jikoni, nyuma ya nyumba, kwenye masufuria makubwa, mpaka matanga yaishe. Nilimpenda marehemu, alikuwa mcheshi, na nililia kweli. Lakini nilikuwa nimeikunja ile karatasi ya kazi na kuichomeka kwenye pindo la kanga, na nikikoroga uji midomo yangu ilikuwa inatafuta sentensi ya kwanza. Kinachobadilika jiwe likisagwa ni. Kinachobadilika ni.

Mama mkwe alinikuta. Alikuwa na macho yaliyovimba.

"Unaongea na nani?"

"Hapana mama, nakariri kitu cha masomo."

"Masomo." Alilisema kwa sauti, na wanawake wote wakageuka. "Mdogo wangu yuko ardhini hata siku hazijapita, mke wa mwanangu ameleta masomo jikoni."

Aliyefiwa hajibiwi. Nilimeza, lakini ilinichoma, na hasira yangu mbaya zaidi ilikuwa kwamba alikuwa na haki. Nikaichomoa ile karatasi nikaiweka chini ya sinia nisionekane nayo. Kulipopambazuka wifi yangu aliamka kuwasha moto, kuni zilikuwa na umande, akaona karatasi, akawashia. Hakuwa na kosa. Nilisimama nikaangalia majivu, nikajaribu kukumbuka kilichokuwa kimeandikwa. Kazi nilizokwisha kuzifanya zote nilikuwa nazo kichwani, hakuna moto ungezigusa. Ile ya sentensi tatu ndiyo niliyoipoteza, kwa kuwa sikuwahi kuianza.

Niliporudi Musoma mwalimu alikuwa amesahihisha daftari la mwisho. Hakuandika mengi. Mahesabu yote tiki, na kwenye maelezo: "Eleza kwa nini." Mtihani ulikuwa wiki hiyo hiyo, Bunda, kituo nilichosajiliwa. Maoni yalikuwepo mkononi mwangu na wiki ya kuyawekea haikuwepo.

Kwa mdogo wangu, Bunda, nililala siku chache hizo. Kwenye chumba cha mtihani hesabu zilikuja, nikalinganisha kwanza, nikaandika uniti. Halafu nikageuza ukurasa. Haikuwa chokaa, yalikuwa makaa ya mawe, lakini swali lilikuwa lile lile: kwa nini vumbi lake huwaka kwa kasi kuliko pande. Nikaandika mistari mitano, mizuri kwa mwandiko. Nilipoisoma nikaona yote inasema kitu kimoja, kwamba ni kwa sababu ni vumbi. Na maswali mengine ya kueleza nayo yakapita hivyo hivyo. Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe nikiwa sijui hata begi nimeliacha wapi.

Matokeo mume wangu aliyasoma kwenye simu, akanipa simu. Kemia, F. Alikaa pembeni yangu muda mrefu. Natamani angenisema.

Tukahama.

Kambi ya rasi ni nzuri, siwezi kusema uongo. Maji ni masafi na dagaa ni wengi. Siku moja, siku za giza zikiwa zimeingia vizuri, nilikuwa nimemaliza kutandika asubuhi, nimekaa nasubiri upande wa juu ukauke ndipo nigeuze. Jirani yangu, mwanamke mgeni kama mimi, alikuwa ameanika sangara mkubwa kwenye chanja, amempasua mara moja tu, na alikuwa ananung'unika.

"Dagaa wako jioni wanaingia gunia. Huyu siku ya tatu leo, ndani bado anatoa maji. Jua si ni lile lile?"

"Jua ni lile lile," nikamjibu bila hata kugeuka, "ila huyo wako ni mnene. Jua na upepo vinamgusa nje tu, ndani hakufiki kitu. Mkate vipande vidogo, uone. Kila ukikata unafungua mahali pengine pa kuguswa. Akiguswa pengi kwa mpigo mmoja ndipo anakauka haraka."

Alichukua kisu akaanza kukata. Mimi nikayakumbuka mawe ya chokaa.

Niliingia kwenye kibanda nikatafuta karatasi na kalamu. Nikaandika. Jiwe likivunjwavunjwa, eneo lake la nje linaongezeka. Asidi hukutana na jiwe kwenye eneo hilo la nje tu, kwa hiyo chembe nyingi zaidi zinagongana nayo kwa wakati mmoja. Migongano ikiwa mingi, mmenyuko unakwenda kwa kasi. Nikazigeuza kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, nikasoma, nikakuta sikurudia swali. Nilipotoka nje, dagaa walikuwa bado hawajawa tayari kugeuzwa.

Kazi niliyoitunzia mwezi mzima mpevu, na wa pili, ilitosha kwenye ngojangoja ya asubuhi moja ya siku za giza. Nililia mpaka jirani akadhani ni moshi, akahamisha jiko lake.

Nilipanda mwamba wenye mtandao nikampelekea mwalimu wangu picha ya ile karatasi. Nilisikia amehamia Bunda, anafundisha huko. Alijibu upesi: "Umeeleza vizuri kabisa. Kamili. Hongera, mama." Akaweka na alama ya tiki, ya kijani, maana simu yake haina nyekundu.

Nilitaka kumjibu vibaya, hongera ya nini baada ya F. Niliandika, nikafuta. Kisha nikamwandikia: "Mwalimu, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unafungwa lini?"

Bado sijamwambia mume wangu. Nilishuka nikageuza dagaa, maana sasa walikuwa tayari.